Sufuria ya Saba

Baba yangu alikuwa mpishi wa treni. Alipika kwenye behewa la chakula la treni ya Mombasa, katika jiko ambalo mtu akinyoosha mikono miwili anagusa kuta zote. Watu wa Makongeni, mtaa wetu wa nyumba za reli, walimheshimu kwa hilo kuliko walivyowaheshimu makarani wenye tai. Karani anashika karatasi, lakini baba alishika nyama, tena nyama nzuri, na mara moja moja kipande kilirudi nasi nyumbani kikiwa kimefungwa kwenye gazeti. Alikuwa na msemo wake, na sisi watoto tulichoka kuusikia: ukisahau chumvi Nairobi, utaikumbuka Voi. Maana yake ni kwamba katikati ya safari hakuna duka. Kila kitu kihesabiwe kabla ya filimbi.

Mwaka ambao dada yangu aliposwa, baba alikuwa ameshaacha kupika. Ugonjwa ulioanzia tumboni ulikuwa umemla mpaka saa yake ya mkononi ikawa inazunguka kama bangili. Alilala kwenye kitanda cha chumba cha ndani, dirisha likiwa wazi ili asikie reli, na aliyekuja kumsalimu alitoka akisema anaendelea vizuri. Nilichukia sana neno hilo. Nilikuwa binti mdogo wa nyumba ile, nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, na nina ulimi usiojua kukaa ndani. Mama alikuwa akinibana kwenye korido na kuniambia nikishindwa kusema kitu kizuri nikachote maji.

Harusi ilivutwa mbele. Ilikuwa iwe Desemba ikawa Agosti, na sababu iliyotolewa kwa watu ni kwamba Desemba kila mtu anasafiri kwenda kwao magharibi mwa nchi. Hakuna aliyeamini, na hakuna aliyeuliza. Dada alikuwa anataka kitu kimoja tu: baba awe kanisani siku ile. Hakujali gauni wala magari. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini kwake, alisimama kwenye mlango wa chumba cha ndani akamtazama anavyopumua, halafu akaenda. Mimi nilimtazama yeye akimtazama, na nilikuwa ninaogopa.

Kazi ya chakula iliangukia nyumbani kwetu, na haingeweza kuangukia kwingine. Akina mama wa kanisa walikuja na mapishi yao, na hapo ndipo nilipoingia mimi kwa sababu nilikuwa na sifa ya hesabu. Baba alisema niketi kwenye stuli kando ya kitanda na daftari, tuyageuze mapishi yote yawe orodha moja ya kwenda sokoni. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Ilinishinda siku ya kwanza, nikatupa kalamu.

Tatizo ni kwamba kila mpishi alipima kwa dunia yake. Jirani wa mlango wa pili, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, aliyetupikia mchuzi tangu tukiwa wadogo, alinipa mchuzi wa watu wanane: nyama kilo mbili, vitunguu vinne, nyanya sita, viazi kilo moja. Mama alijua chapati kwa pakiti: pakiti moja ya unga ya kilo mbili inatoa chapati ishirini, basi. Chai ya kanisa ilipimwa kwa debe. Pilau ya baba ilikuwa kichwani mwake kwa kilo moja ya mchele. Na nilipouliza tunapikia watu wangapi, mama akainua macho kutoka kwenye ungo wa mchele akaniambia nisimletee mkosi.

Kwetu watu hawahesabiwi. Unaweza kuhesabu kuku, viti, hata nguo kwenye kamba, lakini ukiwaelekezea watu kidole na kusema mmoja, wawili, watatu, unamwonyesha mtu fulani njia, na mtu fulani huyo hatajwi. Mama alikulia hivyo, na wakati ule, na mgonjwa ndani, hakuwa tayari kujadiliana na binti aliyesoma. Baba akatabasamu. Alisema tuhesabu mabenchi. Benchi la kanisa ni la watu watano, mabenchi yatakuwa sitini. Nilisema hiyo ni kuhesabu watu kwa mlango wa nyuma. Baba akasema hata mgeni akiingia kwa mlango wa nyuma bado ni mgeni, niandike.

Basi nikaandika, na polepole nikaanza kuona jinsi alivyofikiri. Hakuzidisha watu. Alizidisha sufuria. Kila pishi alilipeleka kwanza mpaka likajaza sufuria moja anayoijua, halafu ndipo akauliza sufuria ngapi. Pilau, sufuria moja ni kilo tano za mchele, na hiyo inalisha mabenchi kumi ikiwa kuna chakula kingine pembeni. Mabenchi sitini ni sufuria sita. Mchuzi wa jirani tuliupeleka mara kumi, ukajaza sufuria kubwa ya kanisa: kilo ishirini za nyama, vitunguu arobaini, nyanya sitini, viazi kilo kumi. Hiyo ni sahani kamili ya watu themanini, nikasema, kwa hiyo tunahitaji karibu sufuria nne. Baba akatikisa kichwa. Aliniambia mtu mwenye pilau yenye nyama kwenye sahani hachoti mchuzi kamili, anachota nusu, wa kuloweshea chapati. Sufuria mbili. Ukipika kila chakula kana kwamba ndicho peke yake, alisema, utawalisha mbwa wa Makongeni mpaka Krismasi.

Kosa langu jingine lilikuwa viungo. Pilau ya kilo moja ilitaka kijiko kimoja kikubwa cha masala, basi nikaandika vijiko vitano kwa sufuria. Akanifanya nifute niandike vinne. Maji vilevile: kilo moja ilikunywa lita mbili, lakini kilo tano zilikunywa tisa tu, kwa sababu sufuria kubwa haipotezi mvuke kama ndogo. Ukizidisha ndani ya sufuria moja, aliniambia, vitu havipandi pamoja, kila kimoja kina tabia yake. Ukishaijua sufuria moja, kuzidisha sufuria ni hesabu ya shule ya msingi. Na chumvi haizidishwi kabisa. Chumvi, unatia nusu ya hesabu, halafu unauliza ulimi.

Nilipenda siku zile, nitasema wazi. Nilikaa kwenye stuli ile harufu ya dawa ikiniingia kichwani, na baba alikuwa na macho ya zamani, macho ya mtu aliye kazini. Vitunguu vilitusumbua. Pilau ilivitaka kwa kilo, kilo moja na robo kila sufuria, na mchuzi ulivitaka kwa idadi. Nikaenda dukani nikapima kwenye mizani: vitunguu vinane vya wastani ni kilo moja. Kwa hiyo vitunguu themanini vya mchuzi ni kilo kumi, vya pilau ni saba na nusu, vya kachumbari mbili na nusu, jumla kilo ishirini, mstari mmoja. Mafuta yalitoka sehemu tatu: pilau lita tatu, mchuzi mbili, chapati nne. Tisa. Unga pakiti kumi na sita, yaani beli moja na pakiti nne. Kila nilipounganisha mistari mitatu kuwa mmoja nilihisi nyumba inatulia kidogo.

Tulipomaliza pishi la mwisho nilitaka kufunga daftari. Baba alikuwa amefumba macho. Akasema, bila kuyafumbua, niongeze mchele kilo tano.

Nikamwambia mchele tumeshaandika thelathini, sita mara tano. Akasema iwe thelathini na tano. Halafu akasema sukari, ambayo kwa madebe manne ya chai ilikuwa kilo nne, iwe kumi. Majani ya chai yapande vivyo hivyo. Halafu akasema:

"Na maharagwe. Gorogoro tano."

Nikamuuliza hayo makopo matano ya kilo mbili mbili ni ya pishi gani. Katika mapishi yote tuliyoandika hakukuwa na maharagwe, na harusi za mtaa ule hazikuwa na maharagwe kwa sababu kila mtu aliyala nyumbani Jumatatu hadi Ijumaa.

"Andika tu, mama," akasema. Aliniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Halafu akalala, au akajifanya amelala.

Nilikwenda nje nikakaa kwenye ngazi na daftari. Nilikuwa na hasira, na sikujua ninamkasirikia nani. Nilipitia orodha kila mstari na kuurudisha kwenye pishi lake, kama alivyonifundisha, kwa sababu kitu kisicho na pishi ni kosa. Nyama ilirudi: kumi na nane za pilau, arobaini za mchuzi. Masala yalikuwa ya sufuria sita. Kitunguu saumu, sita. Mchele peke yake ulikuwa wa sufuria saba. Sufuria ya saba haikuwa na nyama, haikuwa na masala, haikuwa na kitunguu. Ilikuwa wali mtupu, na pembeni yake maharagwe, na chai nyingi ya sukari.

Mtu wa magharibi hahitaji kuelezwa hicho ni chakula cha nini. Tulikuwa tumekila mara nyingi mwaka ule, kwenye nyumba hii na ile, jioni baada ya jioni, watu wakiimba kabla ya safari ya kumrudisha marehemu nyumbani.

Nikakata. Nilichora mstari juu ya maharagwe, nikarudisha mchele thelathini na sukari nne. Sikumwambia mtu. Mama alikuta daftari mezani akalisoma akiwa amesimama, akafika kwenye mstari ule uliokatwa, akakaa. Aliniuliza nani alitaja maharagwe. Nikamwambia. Hakulia. Alichukua kalamu akaandika upya chini, kwa mwandiko wake wa kulala, maharagwe gorogoro tano, mchele thelathini na tano, na sukari kumi. Akasema mume wake hajawahi kukosea orodha tangu amwoe, na mimi si wa kuanza kumsahihisha.

Tulinunua kwa awamu. Vikavu vilikuja mapema: mchele, unga, sukari, majani, mafuta, na yale maharagwe. Vililetwa na mkokoteni kutoka sokoni na tukavipanga chini ya vitanda, kwa sababu nyumba za reli hazikujengwa na stoo. Vitunguu na viazi vilisubiri wiki ya harusi. Nyama, maziwa na nyanya vilikuwa vya Ijumaa, visilale. Yaani kwa wiki mbili nzima baba alilala juu ya chakula. Gunia la mchele lilikuwa chini ya miguu yake na gunia dogo la maharagwe chini ya kichwa, na mama alipofagia aliyainua na kuyarudisha palepale. Nilimwomba tuyahamishie kwa jirani. Akasema jirani ana panya.

Dada hakuwa anajua. Alirudi kazini amechoka na kuuliza maua na kwaya, na sisi tukamjibu. Lakini Jumamosi moja kabla ya harusi tulipika sufuria ya majaribio, sufuria moja tu ya pilau uani, ili baba aipitishe. Jirani alikoleza moto, mimi nikatia chumvi nusu ya hesabu kama nilivyofundishwa, na nikampelekea baba supu kwenye kijiko kabla mchele haujaingia. Akaonja. Alikaa nayo mdomoni muda mrefu.

"Ongeza," akasema.

Nikaongeza. Nikarudi. Akasema bado. Nikaongeza tena, nikampelekea, akasema bado kidogo. Mama alikuwa mlangoni na mwiko. Akaninyang'anya kijiko, akakitia kwenye sufuria akaonja mwenyewe, na uso wake ukakunjamana. Ilikuwa chungu kwa chumvi. Hata ng'ombe asingeinywa. Mama alinitazama na mimi nikamtazama, na jirani akavuta kuni moja kutoka motoni. Baba, ambaye kwa miaka yote ile angeweza kukuambia kama umeitia pilau chumvi kabla au baada ya nyama, hakuwa na ulimi tena.

Tulimwaga nusu ya supu tukaongeza maji. Mama aliniambia kwa sauti ya chini kwamba siku ya harusi nitampelekea kijiko kama kawaida, nitamsikiliza, nitasema ndiyo baba, lakini chumvi itatiwa kwa ulimi wake yeye. Nilisema huo ni uongo. Akasema ni adabu.

Dada alikuwa amerudi mapema na alikuwa ameyaona yote kutoka kwenye korido. Aliingia chumbani, akapiga magoti kutafuta viatu vyake vya harusi vilivyofichwa chini ya kitanda, na mkono wake ukavuta gunia dogo. Nilisikia maharagwe yakimiminika sakafuni. Nilipofika alikuwa ameshika konzi moja, amemwinulia baba.

"Baba, hizi maharagwe ni za nani?"

Baba alijaribu kuketi, akashindwa, mama akamwekea mto.

"Ni za watu watakaokuja."

"Harusi yangu haina maharagwe."

"Haina."

"Sasa hao watu watakuja lini?"

Baba alimtazama sana. Hakukuwa na huruma kwenye uso wake, na baadaye nilielewa kwamba hakuwa na nguvu za kuwa na huruma na ukweli kwa wakati mmoja.

"Harusi kwanza," akasema. "Lakini sitaki mama yenu aende sokoni akilia. Mtu analia, anaibiwa kwenye mizani."

Dada aliyaachia maharagwe yakaanguka moja moja. Halafu alitoka nje, akapita sufuria ya majaribio, akapita uani, na tukasikia mlango wa choo cha nje ukifungwa kwa nguvu. Mimi nilibaki nikiokota. Sijawahi kuokota kitu kwa hasira namna ile. Nilitaka kuyatupa yote kwenye mtaro, na sikuyatupa. Niliyarudisha kwenye gunia, nikafunga kamba mara mbili, nikalisukuma mahali pake.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa na watu wengi. Akina mama waliketi uani wakimenya vitunguu, na kila mmoja aliyekuwa na chozi alisema ni kitunguu. Dada hakusema na baba, lakini bado alisimama mlangoni kila asubuhi. Usiku alilala nyuma ya mgongo wangu na nilihisi kwamba hapati usingizi. Ijumaa nyama ilikuja kutoka soko la nyama la Burma ikiwa bado na joto, kilo hamsini na nane, na mama akaipima upya uani mbele ya muuzaji. Ilikuwa sawasawa. Hakuna kitu kilichopungua na hakuna kilichozidi, na usawa ule ulinitisha zaidi kuliko upungufu. Ilionyesha kwamba yule mzee kitandani alikuwa bado anaona mbali, na kwamba ukiwa umehesabu kweli sufuria sita, huna sababu ya kutilia shaka ya saba.

Asubuhi ya harusi mioto minane iliwashwa uani. Mabati ya nyumba za nyuma yalikuwa meusi kwa moshi. Baba alivalishwa suti yake, ambayo mama alikuwa ameipunguza kwa uzi mara mbili wiki ile, na akaketishwa kwenye kiti mlangoni ili asubiri gari. Nilimpelekea kijiko. Nusu ya supu ikamwagika kwenye kiganja changu. Aliipokea, akaiweka mdomoni, akanitazama.

"Mama yenu amesema nini?"

Nilitaka kusema uongo. Nilitaka kusema ndiyo baba, kama nilivyoagizwa.

"Amesema imetosha," nikasema.

"Basi imetosha."

Hakuwa amemeza, supu ilikuwa bado shavuni mwake. Niligeuka ili atoe kwenye kitambaa bila mimi kuona.

Alikuwepo kanisani. Hilo ndilo dada alilotaka na alilipata. Hakuweza kutembea naye kutoka mlangoni, kwa hiyo waliweka kiti chake katikati ya njia, nusu ya safari, na dada alitembea peke yake mpaka pale, akasimama, akainama, na baba akaushika mkono wake akiwa ameketi. Walikaa hivyo mpaka mpiga kinanda akalazimika kurudia beti. Sikusikia walichoambiana. Halafu dada akaenda mbele.

Chakula kilitosha mabenchi yote sitini. Chapati zilibaki kumi hivi, pilau ilikombwa, na mchuzi ulibaki kidogo tu ndani ya sufuria ya pili, kwa maana watu walichota nusu kama baba alivyosema. Watu walimsifu mama. Akina mama walianza kuosha sufuria za kanisa kwa mchanga, wazirudishe. Mama alisimama akachagua moja, sufuria ya kilo tano, safi, akaiweka kando ya mlango wetu kifudifudi. Jirani akamwambia tumezihesabu, hiyo ni ya kanisa pia. Mama akasema anajua ni ya kanisa. Jirani akaziosha zilizobaki.

Sufuria ile ilikaa kifudifudi mlangoni na kila mtu aliyeingia aliikwepa kwa mguu. Dada alikuja kutoka Kayole kwa mume wake kila jioni, akaipita akaingia ndani, na sasa alikuwa ameanza kuongea na baba tena, mambo madogo, bei za mboga, kero za mama mkwe. Nilikuwa ninawasikia wakicheka. Niliichukia sufuria ile na niliitazama kila nilipochota maji. Hata mvua iliponyesha mama hakuigeuza.

Iligeuzwa siku ya Jumanne. Sitaeleza Jumanne ile. Nitasema tu kwamba kabla ya adhuhuri watu walikuwa wameshaanza kuja, na mama hakuenda sokoni. Hakutoka hata getini. Aliketi kwenye mkeka wa chumba cha ndani akiwa amezungukwa na wanawake, na vitu vyote vilikuwa chini ya kitanda ambacho baba alikuwa ameondolewa juu yake, na jirani alipiga magoti akavivuta kimoja kimoja: mchele kilo tano, maharagwe, sukari, majani ya chai. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisa chini kwa chini na machozi yakimwangukia kwenye gunia.

Niliachiwa sufuria. Nilijua kila kitu chake. Mchele kilo tano, maji lita tisa, mafuta kidogo, hakuna kitunguu. Maharagwe yalichemka pembeni tangu asubuhi. Watu walikuwa wengi uani na sikuwahesabu, wala mabenchi sikuhesabu. Maji yalipochemka nikatia chumvi nusu ya hesabu, nikakoroga, nikachota kijiko, nikapuliza, na miguu yangu ikanipeleka ndani bila kuniuliza. Nilipita korido. Nilipita wanawake. Nilifika kwenye mlango wa chumba cha ndani na kijiko kimeinuliwa, na kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani, na dirisha lilikuwa wazi upande wa reli.

Wote waliniona. Sikujua nirudi au nifanye nini. Nilisimama tu, maji ya chumvi yakipoa.

Dada aliinuka kutoka kando ya mama. Alikuja akanishika mkono ule wenye kijiko, akaupeleka mdomoni mwake, akaonja. Alikaa nayo mdomoni muda mrefu, kama alivyokuwa akifanya baba. Halafu akameza.

"Bado," akasema. "Ongeza kidogo."

Nikarudi kwenye sufuria nikaongeza.